Tawi lililoning'inia juu ya picha ya mandhari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuliondoa na kujenga upya majani na anga

Majibu yaliyo hapa yanafuata picha moja ya mfano ili tusizungumze hewani. Ina upana wa pikseli 6000 na urefu wa 4000. Kwenye kona ya juu kushoto limeingia tawi la mti uliokuwa karibu na mpigapicha. Limechukua pikseli kama 1500 kwa upana na limeshuka hadi kama 1200 kutoka ukingo wa juu. Sehemu kubwa ya tawi imefunika anga tupu, lakini ncha yake ya chini imelalia kilele cha mti mwingine ulio mbali, upande uleule wa kushoto. Majina ya zana ni ya Photoshop, na wanaotumia GIMP wana jibu lao chini.

Nianze wapi, kwenye anga au kwenye majani?

Anga kwanza. Iko nyuma ya kila kitu, kwa hiyo ijengwe ikiwa kamili, hata pale ambapo unajua majani yatakuja kuifunika. Leya ya pili ni ya majani ya mti wa mbali, nayo inakaa juu ya leya ya anga. Mpaka kati ya majani na anga unaushughulikia mwisho, kila kimoja kikiwa kimeshasimama.

Wengi hufanya kinyume: wanaanza na ncha ya tawi iliyogusa majani kwa sababu ndiyo inayoudhi jicho, wanahangaika na kila jani, kisha wanagundua kwamba anga iliyo nyuma yake haina rangi sahihi. Hapo inabidi kurudia yote.

Kabla ya lolote kuna hatua moja ya lazima. Kama una faili ghafi, washa `Use Profile Corrections` kwenye Camera Raw kabla ya kufungua picha. Lenzi nyingi hutia giza kwenye kona, na tawi letu liko konani. Giza hilo likipungua mapema, kazi ya kukisia rangi ya anga inapungua nayo. Kuongeza ukali wa picha, kwa upande mwingine, kusubiri hadi mwisho. Ukali ukitiwa mapema huacha mstari mweupe kuzunguka kila jani, na mstari huo utanakiliwa pamoja na majani.

Nimefuta tawi lote lakini bado kuna kivuli cha umbo lake angani. Kimetoka wapi?

Tawi lililo karibu na kamera huwa nje ya fokasi, kwa hiyo kingo zake hazikatiki. Zinasambaa taratibu, na rangi ya majani huchanganyika na ya anga mbali zaidi ya pale macho yanapoona mwisho. Ukichagua tawi kwa kufuata umbo unaloliona, unaacha nje mkanda mwembamba uliochafuka, na huo ndio unaoonekana kama kivuli.

Ili kuuona mkanda huo, weka juu kabisa leya ya muda ya `Curves` na uinue mstari wake uwe mkali sana katika sehemu ya toni za anga. Anga itaonekana mbaya, yenye utofauti wa kupita kiasi, na mkanda utajitokeza wazi. Katika picha yetu uchafu unafika kama pikseli 30 nje ya majani yanayoonekana. Basi zungushia tawi kwa `Lasso`, nenda `Select > Modify > Expand` na uandike 30, kisha `Feather` ya 10 hivi ili ukingo usikatike kama kwa mkasi. Upanuzi huu ni wa upande wa anga tu. Upande wa kilele cha mti wa mbali usipanue ovyo, maana pale kila jani halisi unaloweza kuliokoa ni faida.

Leya hiyo ya `Curves` usiifute. Izime tu, utaiwasha tena kila baada ya hatua.

Kwa nini nisinakili tu anga iliyo chini ya tawi?

Kwa sababu anga haina rangi moja. Anga iliyo wazi huwa ya bluu nzito juu na hupauka kadiri inavyokaribia upeo wa macho. Ukichukua kipande cha chini ukakipandisha, unapata doa lililopauka mahali panapotakiwa kuwa pazito. Nakili kwa kwenda upande, kimo kwa kimo. Chanzo kilicho pikseli 400 kutoka juu kihudumie shimo lililo pikseli 400 kutoka juu.

Hilo linatosha kwa vijitawi vyembamba. Kwa shimo la pikseli 1500 kunakili peke yake huleta marudio, na hata kwenda upande anga hubadilika kidogo kulingana na jua lilipo. Ndiyo maana kwa anga tupu ya ukubwa huu napendelea kuijenga kwa mpito wa rangi badala ya kuinakili.

Mpito huo wa rangi unajengwaje?

Badilisha kwanza picha iwe `16 Bits/Channel` kupitia `Image > Mode`. Sababu yake utaiona kwenye jibu linalofuata.

Chukua `Eyedropper`, na kwenye `Sample Size` chagua `31 by 31 Average`. Ukipima pikseli moja, utapima chembechembe za picha na si anga yenyewe. Pima anga safi iliyo kulia mara baada ya tawi kuisha, mahali pawili. Katika mfano wetu, pikseli 100 kutoka juu panasoma nyekundu 92, kijani 138, bluu 190. Pikseli 1100 kutoka juu panasoma 140, 178, 214. Pima na katikati pia. Kama thamani ya katikati haiko nusu ya njia kati ya hizo mbili, ongeza kituo cha tatu kwenye mpito, maana anga mara nyingi haibadiliki kwa kasi ileile kutoka juu hadi chini.

Fungua leya mpya, chagua `Gradient Tool`, na kwenye upau wa juu weka `Classic gradient` ili upate pikseli za kawaida unazoweza kuzitilia chembechembe baadaye. Hakikisha `Dither` imewashwa. Shika Shift na uvute wima kutoka kimo cha kipimo cha kwanza hadi cha mwisho. Eneo ulilochagua awali ligeuze kuwa maski ya leya hii.

Sasa kona. Upande wa kushoto wa tawi hakuna anga safi ya kupima, kwa kuwa tawi limeingia kutoka ukingoni. Lakini giza la lenzi huwa karibu sawa pande zote mbili, kwa hiyo kona ya juu kulia inaweza kukuambia kinachotarajiwa kushoto. Linganisha rangi ya kona hiyo na ya katikati ya ukingo wa juu. Ikiwa kona imeshuka ngazi 8, basi juu ya leya yako ya anga weka `Curves` inayoshusha mwanga kiasi hicho, uibane kwa leya hiyo, na upake maski yake kwa brashi laini kubwa sana, ya pikseli 1500 au zaidi, ukianzia konani. Kipimo hiki kina kasoro moja: kama jua liko upande mmoja, anga ya upande huo ina mwanga zaidi kwa sababu isiyohusu lenzi. Hapo chukua kipimo cha kona kama kidokezo, kisha amua kwa macho ukiwa umeipunguza picha iwe ndogo, si ukiwa umeikuza.

Anga yangu mpya ina ngazi ngazi za rangi. Nifanyeje?

Hesabu yake ni rahisi. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi. Katika mfano wetu bluu inatoka 190 hadi 214, yaani ngazi 24, zikitandazwa kwenye pikseli 1000. Kila ngazi inakuwa mkanda wa pikseli zaidi ya 40, na mkanda wa upana huo jicho linauona, hasa kwenye anga ambako hakuna kitu kingine cha kutazama.

Anga halisi haionyeshi mikanda hiyo kwa sababu kihisi cha kamera kimeitia chembechembe zinazovuruga mipaka ya ngazi. Anga yako iliyojengwa haina chembe hata moja, kwa hiyo inahitaji kutiliwa. Nenda `Filter > Noise > Add Noise`, chagua `Gaussian`, na uanze na kiasi cha 1 hadi 1.5. Kuza hadi asilimia 200 pale anga mpya inapokutana na ya zamani na ulinganishe. Mara nyingi utaona chembe zako ni kali kuliko za kamera, kwa kuwa chembe za kamera zimeshalainishwa wakati rangi zilipokuwa zikitengenezwa. `Gaussian Blur` ya 0.3 hadi 0.5 kwenye leya hiyo huzishusha zikafanana. Kuhusu `Monochromatic`, tazama anga ya asili: kama chembe zake zina madoa ya rangi, iache imezimwa. Kama ni za kijivu, iwashe.

Hatua hii huonekana ndogo na wengi huiruka. Lakini kiraka laini mno ndicho kinachogundulika kwanza picha inapochapishwa kubwa, hata kama rangi yake ni sahihi kabisa.

Kwa nini `Healing Brush` inaacha weusi ninapokaribia majani?

Ndivyo ilivyoundwa. `Clone Stamp` hunakili pikseli kama zilivyo. `Healing Brush` huchukua umbile kutoka kwenye chanzo, kisha hulinganisha rangi na mwanga kwa kuangalia kilichozunguka mahali unapopaka. Ukipaka anga huku brashi imegusa jani jeusi, zana inadhani weusi huo ni sehemu ya mazingira na inausambaza angani.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha kuitumia kabisa ndani ya pikseli chache za majani, na kutumia `Clone Stamp` hapo. Ya pili ni kuchora eneo la uchaguzi linalofuata ukingo wa majani kwa uangalifu na kuacha anga tu ndani yake. Rangi zilizo nje ya uchaguzi hazitaingia kwenye hesabu ya brashi. Njia hii ya pili inafaa pale majani yana ukingo ulionyooka kiasi. Kwa majani madogo yenye matundu mengi, muda wa kuchora huo uchaguzi unazidi faida yake.

Majani yaliyofunikwa na ncha ya tawi nitayatoa wapi?

Kwenye mti uleule, na upande uleule wa mwanga. Mti ulio karibu zaidi na kamera una majani makubwa zaidi pichani, na ulio mbali zaidi una majani madogo yaliyofifia kwa ukungu wa hewa. Ukiyahamisha, jicho litahisi kitu hakiko sawa hata kama mtazamaji hawezi kukitaja. Vivyo hivyo kugeuza kipande kushoto-kulia: kunaficha marudio vizuri, lakini kunahamisha upande wa kivuli. Kama jua linatoka kulia, kipande kilichogeuzwa kitakuwa na mwanga kushoto. Kugeuza kunakubalika siku ya mawingu tu, au mti ukiwa umemulikwa kutoka mbele.

Katika picha yetu ncha imefunika kama pikseli 350 kwa 250 za kilele. Fungua leya mpya juu ya anga, chukua `Clone Stamp`, na kwenye `Sample` chagua `Current & Below`. Brashi iwe ya pikseli 60 hadi 90 na `Hardness` ya asilimia 70 hivi. Brashi laini sana huacha majani yenye ukungu kwenye kingo, na ukungu huo hauna mwenzake popote kwenye mti. Weka mipigo mifupi, na kila mipigo mitatu au minne badilisha chanzo. Anza na vivuli vizito vya ndani, kisha mafungu ya majani yenye mwanga juu yake. Mti ulivyo ndivyo ulivyopangika: giza ndani, mwanga nje.

Kabla hujapiga brashi ya kwanza, ingawa, tazama tawi lenyewe kwa makini. Kati ya majani yake mara nyingi kuna matundu ambamo mti wa nyuma unaonekana halisi. Matundu hayo yanakueleza kilele kilipita wapi, na umbo lake usilibuni pale ambapo picha yenyewe inakuambia.

Na mpaka kati ya majani na anga? Wangu unaonekana kama umekatwa kwa mkasi.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na hapa ndipo inafaa kutumia muda. Kilele cha mti hakina mstari. Kina majani yanayochomoza, vijiti, na matundu ya anga ndani yake. Kuchora hivyo kwa mkono kunachosha na matokeo hayapendezi.

Njia ninayoipenda ni kutumia hali ya `Darken` kwenye `Clone Stamp`. Katika hali hiyo pikseli hubadilika tu pale chanzo ni cheusi kuliko mahali unapopaka. Chukua chanzo ambacho ni ukingo halisi wa mti uleule pamoja na anga iliyo nyuma yake, kisha upake kwenye nakala ya leya ya anga yako mpya, si kwenye leya tupu, maana hali hii hulinganisha na pikseli za leya unayoipaka. Majani meusi yatakaa, na anga ya chanzo haitapita, mradi isiwe nyeusi kuliko anga ya pale. Sharti hilo ndilo linaloamua wapi pa kuchukua: chanzo kitoke sehemu iliyo chini kidogo kuliko unakopaka, ambako anga imepauka zaidi. Ukichukua kutoka juu, bluu nzito itaingia pamoja na majani na utapata wingu la rangi kuzunguka kila jani.

`Darken` inashindwa pale majani yana mwanga mkali karibu sawa na anga. Hapo tumia chaneli. Kwenye paneli ya `Channels`, rangi ya bluu ndiyo inayotenganisha vizuri zaidi anga na majani, kwa kuwa anga inang'aa ndani yake na majani ya kijani yanakuwa meusi. Nakili chaneli ya `Blue`, fungua `Levels` na usogeze vitelezi vya pembeni hadi anga iwe nyeupe na majani yawe meusi, ila usisukume hadi rangi za kijivu kwenye kingo ziishe zote. Kijivu hicho ndicho kinachofanya ukingo uwe wa asili. Igeuze kwa `Invert`, shika Ctrl, au Cmd kwenye Mac, na ubofye kijipicha cha chaneli, kisha rudi kwenye `RGB`. Sasa majani peke yake yamechaguliwa pamoja na matundu yao, na unaweza kuyanakili kwenye leya mpya na kuyasogeza yanapotakiwa. Likibaki zunguko jembamba la anga ya zamani, `Layer > Matting > Defringe` kwa pikseli 1 huliondoa. Pikseli 2 huanza kula vijiti.

`Content-Aware Fill` haifanyi yote haya yenyewe?

Kwa vijitawi vyembamba vilivyo angani tupu, inafanya, na vizuri. Kwa tawi lililogusa majani, hukosea namna moja inayotabirika: huchukua majani na kuyapanda angani. Ukiingia `Edit > Content-Aware Fill`, eneo la kijani ndilo inalochota. Futa kijani kwenye majani yote kwa `Sampling Brush Tool`, ubakize anga iliyo kwenye kimo kilekile na shimo, weka `Color Adaptation` iwe `High`, na `Output To` iwe `New Layer`. Gawa tawi vipande viwili au vitatu badala ya kulijaza lote kwa mara moja.

Kwa upande wa majani, ichukulie kama rasimu. Itakupa umbile la jumla, lakini itarudia fungu moja la majani mara mbili au tatu, na marudio hayo utayavunja mwenyewe.

Natumia GIMP. Kuna kinachobadilika?

Mpangilio wa kazi ni uleule. `Clone` na `Heal` zipo, na `Sample merged` ndiyo inayokuruhusu kufanya kazi kwenye leya tupu. `Alignment` iweke `Aligned`. Hali ya clone unaichagua kwenye `Mode`, ambako kuna `Darken only`. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, GIMP hufanya kazi kwa biti 16 na zaidi, kwa hiyo tatizo la ngazi za rangi unaweza kulizuia, kwenye 2.10, kupitia `Image > Precision`. Mwenzake wa `Content-Aware Fill` ni programu-jalizi ya Resynthesizer, ambayo huongezwa kando.

Nitajuaje kwamba kazi imekamilika?

Washa tena ile `Curves` kali. Viraka, mipaka ya maski na madoa ya brashi vitajionyesha vyenyewe. Kisha izime na uipunguze picha hadi iwe ndogo kama stempu. Ukubwa huo unaonyesha makosa ya mwanga ambayo huwezi kuyaona ukiwa umekuza. Mwisho geuza picha nzima kushoto-kulia kwa muda. Jicho lililozoea huanza kuona upya, na fungu la majani lililorudiwa, ambalo lilijificha wakati wote, hujitokeza.

Ukiwa na maji sehemu ya chini ya picha, yatazame pia. Tawi la karibu nalo linaweza kuwa na taswira yake majini.

Ni wakati gani nisilihangaikie?

Tawi likiwa limefunika zaidi ya nusu ya kilele cha mti ambao ndio kiini cha picha, unachokifanya ni kubuni mti. Kata picha kutoka juu, au kama mahali panafikika, rudi ukapige tena ukiwa umesogea hatua mbili. Tawi likiwa limechukua ukanda wa juu tu, na anga iliyo chini yake inatosha, kukata ni kazi ya sekunde chache na haina hatari yoyote.

Na kama picha inaenda kwenye habari au shindano la uandishi wa habari, liache tawi lilipo. World Press Photo, kwa mfano, hairuhusu kuongeza wala kuondoa kitu kwenye picha.